Kidude cha umeme hakina moshi, lakini kichwa ni kile kile

Mama mmoja wa Meru ameniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi mwaka huu, hapa Embu na kwingineko. Binti yake anasoma chuo kikuu na amenunuliwa na mjomba wake skuta ya umeme, ile ndogo ya kusimamia, yenye magurudumu mawili na usukani mrefu. Anataka kujua mambo matatu. Je, binti anahitaji leseni? Je, ni lazima avae helmeti? Na je, anaweza kupita nayo kwenye kijia cha waenda kwa miguu ili aepuke matatu na malori ya barabara kubwa?

Mimi si wakili wala si polisi wa trafiki. Ni daktari wa kawaida, na watu hawa huniletea majibu ya maswali hayo yakiwa yameandikwa kwenye ngozi na mifupa. Hata hivyo nimelazimika kuisoma sheria, kwa sababu kila ninapomshona mtu kichwa, jamaa zake husema neno lile lile: "Lakini daktari, hii si pikipiki. Ni kidude tu."

Mpenzi msomaji, niruhusu nianze na kijana mmoja, kwa idhini ya wazazi wake, kisha nirudi kwenye swali la mama huyu.

Kijana aliyeinuka akicheka

Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, mwanafunzi aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya Agosti. Baba yake alikuwa na pikipiki ndogo ya umeme, ya kukalia, aliyoinunua ili kuokoa gharama ya petroli akienda dukani kwake. Saa kumi jioni kijana aliichukua aende kumletea mama unga. Haikupiga kelele kwa hivyo hakuna aliyejua kwamba imetoka. Helmeti ya baba ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Kwenye mteremko wa mtaa wao palikuwa na mchanga uliosombwa na mvua hadi kwenye lami. Gurudumu la mbele liliteleza, naye akaanguka upande wa kushoto. Upande wa kichwa ulio juu kidogo ya sikio ukagonga ukingo wa barabara. Walioshuhudia wanasema alilala kimya kwa muda mfupi tu, kisha akainuka, akajipangusa, akacheka na kuomba wasimwambie baba yake. Alirudi nyumbani akisukuma pikipiki, na alikuwa na mkwaruzo mdogo ambao haukuhitaji hata plasta.

Saa moja usiku alisema kichwa kinamuuma. Akapewa dawa ya maumivu na chai. Saa mbili akatapika, na mama akadhani ni chakula. Akatapika tena, kisha akasema ana usingizi, na wazazi wakaona ni vyema alale apumzike. Saa nne dada yake aliyelala chumba cha pili akamsikia akikoroma kwa sauti ya ajabu. Wakamtikisa, hakuamka. Wakamwita jina, hakuitika.

Alipofikishwa kwangu mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imepanuka na haikusinyaa nilipoimulika tochi. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea. Hapo hakuna daktari anayehitaji kufikiri sana. Ndani ya fuvu, mahali pale juu ya sikio ambapo mfupa ni mwembamba kuliko kwingine, hupita ateri inayolisha utando wa ubongo. Mfupa ukipasuka, mara nyingi huikata ateri hiyo. Damu hujikusanya kati ya mfupa na utando, na kwa kuwa fuvu halina pa kutanukia, ubongo ndio unaosukumwa. Mwanzoni nafasi bado ipo, kwa hivyo mtu huzungumza na kucheka. Nafasi ikiisha huzama kwa muda wa saa chache tu, wakati mwingine kwa dakika.

Tulimkimbiza alikopigwa skani ya kichwa, na usiku huo huo akatobolewa fuvu na damu ikatolewa. Aliponea chupuchupu. Leo anatembea na amerudi shuleni. Lakini mkono wa kulia hauandiki kama zamani, anatumia dawa za kuzuia kifafa, na hesabu alizokuwa akizifanya kwa kichwa sasa zinamtoa jasho. Baba yake aliniuliza kwenye veranda ya hospitali, "Daktari, kweli kitu kisichokuwa hata na injini ya maana kinaweza kufanya hivi?"

Nikamjibu, "Mzee, injini haikumgusa mtoto wako. Barabara ndiyo iliyomgonga."

Kasi ndiyo kipimo

Tazama jambo hili kwa hesabu rahisi. Mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida ya skuta nyingi za kusimamia, akigonga kwa kichwa kitu kisichosogea, kama ukingo wa daraja au ubavu wa lori lililoegeshwa, anakigonga kwa nguvu ile ile kana kwamba ameanguka kutoka urefu wa mita mbili na nusu. Huo ni urefu wa dari ya chumba. Kwa kilomita 45 kwa saa, ambazo pikipiki ndogo ya umeme huzifikia bila shida, ni kama kuanguka kutoka mita 8, yaani kutoka ghorofa ya pili au zaidi. Hesabu hii haiulizi kama kasi imetoka kwa petroli, betri au mteremko.

Lakini vyombo vya umeme vina tabia zake ambazo mtu aliyezoea pikipiki ya petroli huenda asizitarajie. Kwanza, mota ya umeme hutoa nguvu zake zote pale pale unapozungusha mkono. Haina kupanda polepole, na anayejifunza hushtukia chombo kimeruka mbele. Pili, hakisikiki. Mama anayevuka barabara karibu na soko la Gakoromone amezoea kuvuka kwa masikio sawa na macho, na chombo kisichonguruma humfikia kabla hajageuka.

Tatu, na hili liwahusu sana wakazi wa Meru na Embu, ni habari ya miteremko. Vyombo vingi vya umeme hupunguza mwendo kwa kuigeuza mota kuwa jenereta, ambayo hurudisha umeme kwenye betri na papo hapo hukishika chombo. Dereva huzoea mshiko huo na kuuhesabu kuwa ni breki. Lakini betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo, kwa hivyo vyombo vingi huuzima mshiko au kuupunguza. Mtu anayechaji usiku kucha nyumbani juu kilimani, kisha asubuhi akaanza safari kwa kuteremka, atakikuta chombo chake kinakwenda mbio kuliko alivyozoea, na breki za kawaida peke yake ndizo zitakazomsaidia. Kwa nchi yenye mabonde kama yetu, ambako barabara kutoka Embu hadi Meru huteremka kwenye mto na kupanda tena mara nyingi, hilo si jambo dogo. Anayeishi juu heri aache kuchaji kabla betri haijajaa kabisa, na azijaribu breki zote mbili kabla ya kuanza kuteremka.

Nne ni ukubwa wa gurudumu. Gurudumu la skuta ya kusimamia lina kipenyo cha sentimita 20 hadi 25 tu. Shimo ambalo baiskeli hulipita kwa mtikisiko huikamata skuta hiyo na kuisimamisha ghafla, na aliyesimama juu yake huendelea mbele. Atatanguliza mikono, kisha uso. Ndiyo sababu majeraha ya skuta hizi yanafanana: kiwiko au kifundo cha mkono kimevunjika, meno ya mbele yametoka, kidevu kimepasuka, na kichwa kimegongwa.

Sheria inasema nini

Sasa turudi kwa mama wa Meru. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haiitaji skuta ya umeme kwa jina. Wengi husikia hivyo wakafurahi, wakidhani kisichotajwa kimeruhusiwa. Lakini isome vizuri. Sheria hiyo inaeleza gari kuwa ni chombo chochote kinachoendeshwa kwa mitambo, isipokuwa vile vya kwenye reli na vinavyopata umeme kutoka nyaya za juu, au vile ambavyo kanuni zimevitoa. Haisemi petroli. Mota ya umeme ni mtambo. Na chombo cha mitambo chenye magurudumu yasiyofika manne, kikiwa chepesi, kinahesabiwa kuwa pikipiki.

Maana yake ni kwamba pikipiki ya umeme ya kukalia, kubwa au ndogo, haina mjadala. Ikiingia barabara ya umma inahitaji kusajiliwa na kuwa na nambari, bima ya kuwalinda wengine, na dereva mwenye leseni. Hakuna anayeweza kupewa leseni ya pikipiki kabla ya kutimiza miaka 16. Katika madaraja ya leseni yanayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, A1 ni ya pikipiki ndogo kabisa, A2 ni ya pikipiki ya kawaida, na A3 ni ya anayebeba abiria au mizigo kwa malipo, ambaye ni lazima awe na miaka 21. Helmeti na koti la kung'aa ni lazima kwa dereva na kwa abiria, na abiria ni mmoja tu. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zinamtaka mwenye boda boda awe na helmeti ya abiria pia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba betri inamsamehe mtu.

Kwa skuta ya kusimamia hali ni ngumu zaidi, nami nitasema ninavyoielewa. Kwa maandishi, nayo ina mtambo, kwa hivyo barabarani inaangukia katika kundi hilo hilo la pikipiki. Lakini ni vigumu sana kuisajili, kwa sababu haikuundwa kuwa pikipiki. Haina kiti, na nyingi hazina vioo wala taa za kuonyesha unakopinda. Hata kipimo cha leseni ya A1 ni ujazo wa injini, usiozidi 50, na mota ya umeme haina ujazo wa kupimwa. Binti wa mama yetu basi amesimama mahali pabaya: sheria inamhesabu kuwa na pikipiki, lakini haimpi mlango wa kuihalalisha.

Wala kijia cha waenda kwa miguu si kimbilio. Tangu Sheria ya Trafiki ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012, kuendesha chombo cha mitambo kwenye kijia hicho ni kosa ambalo faini yake inaweza kufika shilingi 30,000, au kifungo cha hadi miezi mitatu, au vyote viwili. Na mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa sababu za kitabibu. Mzee wa miaka 70 akigongwa na mtu na skuta yake, jumla yao kilo 80, kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, huvunjika nyonga. Nyonga iliyovunjika katika umri huo ni mwanzo wa kulala kitandani, vidonda vya mgongo na nimonia. Nimeona zaidi ya mzee mmoja asiyeinuka tena.

Kwa hivyo jibu langu kwa mama ni hili. Leo, kisheria, mahali salama pa skuta ya binti yako ni ndani ya uwanja wa watu binafsi, kwa mfano chuoni ikiwa wenye chuo wameruhusu. Barabarani ataulizwa leseni na bima ambazo hana. Na akimgonga mtu, hakuna kampuni ya bima itakayosimama upande wake. Ni wewe mama utakayeuza ng'ombe. Ama helmeti, avae hata akiwa ndani ya geti la chuo, kwa maana lami ya ndani ya geti ni ngumu sawa na ya nje.

Helmeti gani?

Uchunguzi mkubwa uliokusanya tafiti nyingi kuhusu pikipiki, na kuchapishwa na shirika la Kokrani mwaka 2008, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ni dawa chache sana kabatini mwangu zenye nguvu kama hiyo.

Lakini zingatia kwamba kinachookoa si gamba gumu la nje. Ni povu jeupe lililo ndani, linalofanana na lile la kufungia televisheni mpya, lenye unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Kichwa kikigonga lami moja kwa moja, husimama ndani ya milimita chache tu. Kikigonga kupitia povu, povu hujikunja na kukisimamisha polepole, kwa umbali mara tano hivi, na nguvu inayoufikia ubongo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Povu likishajikunja halirudi. Kwa hivyo helmeti iliyowahi kugongwa kwa nguvu imemaliza kazi yake, hata kama rangi bado inang'aa.

Ukiwa na maarifa hayo unaweza kuikagua helmeti mwenyewe dukani. Ivue kitambaa cha ndani na utazame: kama hakuna povu, au kuna sifongo laini peke yake, umeshika kofia ya mapambo. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya na nambari KS 77, ambayo ndiyo ya helmeti za pikipiki. Ivae, ufunge mkanda wa kidevuni hadi vidole viwili tu ndivyo vinavyopita, kisha mwambie mwenzako aishike kwa nyuma na kuisukuma juu kuelekea mbele. Ikitoka, ingetoka pia siku ya ajali. Tikisa kichwa: ngozi ya paji la uso isogee pamoja na helmeti, isiteleze ndani yake.

Kofia ya mjengo ambayo madereva wengi wa boda boda huwavalisha abiria si helmeti ya barabarani. Imeundwa kumkinga fundi dhidi ya nyundo inayoanguka kutoka juu, na kijana niliyewasimulia aligongwa ubavuni. Helmeti ya baiskeli nayo inafaa kwa skuta ya kusimamia isiyopita kilomita 25 kwa saa; kwa pikipiki haitoshi.

Akina mama wengi hunieleza kwamba wanaikataa helmeti ya boda boda kwa sababu ya jasho, mapunye na nywele zilizosukwa. Siwalaumu, kwa kuwa mapunye huambukizwa kweli. Chukua kitambaa chepesi cha pamba au kofia nyembamba, uivae chini ya helmeti na uifue kila siku. Lakini kitambaa kiwe chembamba, na nywele zifungwe chini kisogoni wala si utosini, kwa maana fundo la nywele utosini huifanya helmeti isikae.

Sheria inavyopaswa kuwa

Hapa natoa maoni yangu kama raia. Naona ni kosa kuviweka vyombo vyote vya umeme kwenye kapu moja, na ni kosa kubwa zaidi kuviacha bila kapu. Nchi nyingine zimegawa kwa kasi. Ujerumani, tangu mwaka 2019, inaruhusu skuta za kusimamia zisizopita kilomita 20 kwa saa bila leseni, lakini kwa bima, kwa umri wa miaka 14 na kuendelea, na kamwe si kwenye vijia vya waenda kwa miguu. Ufaransa iliweka kikomo cha kilomita 25 mwaka huo huo wa 2019, na mwaka 2023 ikapandisha umri kutoka miaka 12 hadi 14. Mwaka huo wa 2023 wakazi wa Parisi walipiga kura ya kuziondoa skuta za kukodisha, baada ya kuchoka kuzikuta zimelala njiani na kupita kati ya watu.

Kwetu ningependekeza makundi matatu. La kwanza ni vyombo vinavyokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kama viti vya magurudumu vya umeme vya wenye ulemavu. Hivi vihesabiwe pamoja na waenda kwa miguu, visidaiwe leseni wala helmeti. La pili ni vyombo vilivyozuiwa kiwandani visipite kilomita 25 kwa saa. Hivi visiende kwenye kijia wala kwenye barabara kuu, bali kwenye mitaa ya ndani ya mji na njia za baiskeli. Umri uwe miaka 16, helmeti na taa viwe lazima, na badala ya leseni kamili pawe na mtihani mfupi wa alama za barabarani. La tatu ni chochote kinachopita kasi hiyo. Hicho ni pikipiki, na masharti yote ya pikipiki yakifuate.

Kuna wanaonipinga, na hoja zao nimezisikia. Vijana wa boda boda huniambia, "Daktari, leseni na shule ya udereva ni pesa nyingi, na betri yenyewe tunalipia kila siku." Ni kweli. Sheria iliyo ghali kuliko chombo chenyewe huzaa wavunja sheria na hongo. Ndiyo maana kwa kundi la pili siombi leseni kamili. Lakini helmeti sikubali iwe ya hiari. Leseni ikikosekana atakayelipa ni mwenye makosa. Helmeti ikikosekana atakayelipa ni mama anayemlisha mgonjwa kwa kijiko.

Wengine husema tungoje Nairobi. Rasimu ya sera ya kitaifa ya uchukuzi wa umeme ilitolewa Machi 2024, na ni vyema. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti barabara zao, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Barabara kuu ya kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru ni ya serikali ya kitaifa, na humo sitaki kuona skuta ya kusimamia hata moja, maana anayeshuka kuelekea daraja la Nithi kwa gari tu hushika roho mkononi. Mitaa ya ndani ya miji, hata hivyo, iko mikononi mwa mabunge yetu ya kaunti. Mwakilishi wenu wa wadi anaweza kuulizwa wiki hii: ni mitaa ipi vyombo hivi vitapita, kwa kasi gani, na mchanga unaosombwa na mvua hadi kwenye lami utaondolewa na nani?

Akianguka leo

Sheria huchukua muda, na kuanguka hakungoji. Mtu akianguka na kugonga kichwa, usimvue helmeti wewe mwenyewe ikiwa anapumua vizuri. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Fungua kioo cha mbele, ushike kichwa kisigeuke, ungoje wanaojua. Kama hapumui au anasongwa na matapishi au damu, hapo hewa hutangulia: mmoja ashike shingo na kidevu imara, mwingine aivute helmeti polepole. Usimbebe kwa kumkunja nyuma ya boda boda nyingine.

Na kama ameinuka na kucheka kama kijana wetu, usifurahi upesi. Mpeleke akachunguzwe ikiwa alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi. Kwa saa 24 asiachwe peke yake, na usiku wa kwanza aamshwe kila baada ya saa mbili, aulizwe jina lake na mahali alipo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika zaidi ya mara moja, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, mboni za macho zisizolingana, udhaifu wa upande mmoja, au maji maji na damu kutoka sikioni au puani: hata moja tu kati ya hayo ni safari ya hospitali usiku huo huo, si ya kesho asubuhi. Asipewe pombe wala aspirini, kwa kuwa aspirini huzuia damu kuganda.

Baba wa kijana yule bado ana pikipiki yake ya umeme. Hakuiuza, na sikumshauri aiuze, maana ndiyo inayomfikisha kazini kwa gharama ndogo. Alichobadilisha ni mambo mawili. Ufunguo sasa hulala mfukoni mwake. Na helmeti haining'inii tena nyuma ya mlango. Imefungwa kwa mkanda kwenye usukani, kiasi kwamba huwezi kukigeuza chombo kabla hujaishika mkononi. Mama wa Meru, ifunge ya binti yako vivyo hivyo.